Tangu turudi harusini nyumba yetu inaugua, na mama mkwe hataki twende zahanati

Shikamoo Shangazi.

Ninaishi Tanga kwa wakwe zangu. Jumamosi mdogo wake mume wangu alioa, na sisi wa nyumba hii tukala mchana kwao bibi harusi, wanawake kwenye sinia letu, mume wangu na mwanetu wa miaka minne kwenye sinia la wanaume. Jumapili saa tatu usiku wifi yangu alianza kutapika, kisha mume wangu akaanza kuhara, na alfajiri ya Jumatatu ikawa zamu ya mtoto. Jumatatu jioni wifi alisema amepona, na Jumanne asubuhi akarudi jikoni, akapika uji na kukanda chapati za nyumba nzima. Jumatano alfajiri baba mkwe alianza kutapika, na yeye hakwenda harusini kabisa, kwa sababu hatoki kitandani tangu alipopata kiharusi. Mchana ule mtoto wangu wa miezi tisa akaanza kuhara.

Mama mkwe anasema tumewekewa kitu kwenye pilau, na kwamba anamjua aliyefanya hivyo. Anakataza tusiende zahanati, maana wakiuliza tutasema nini, na ndoa haina hata wiki. Shemeji yangu mkubwa, aliyebaki nyumbani kumwangalia baba, alikula kiporo cha pilau tulichorudi nacho na yeye ni mzima. Mimi pia ni mzima, lakini ndiye ninayefua, ninayeosha wagonjwa na ninayenyonyesha. Wanasema nimwachishe mtoto maziwa kwa sasa, na baba apewe chai ya rangi kidogo tu kwa sababu kila akinywa maji anatapika. Nimesikia kwa jirani kwamba hata upande wa bibi harusi wapo waliougua, ila hawasemi.

Jumapili wakwe hao wanakuja kula kwetu, na chakula natakiwa nipike mimi na wifi. Nifanye nini, na nimwambieje mama bila kuonekana mkaidi?

Mkaza mwana, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Yale ambayo hayakuweza kusubiri kuchapishwa nilikuandikia kwa simu usiku ule ule ulioniletea barua, na hapa nayaeleza kwa nafasi, kwa sababu najua wewe si mtu pekee anayerudi harusini na kujikuta katika hali hii.

Nianze na wagonjwa wawili wanaonitia wasiwasi kuliko wengine, yaani baba mkwe na mtoto wa miezi tisa. Kinachoua mtu anayetapika na kuhara ni kuishiwa maji na chumvi mwilini, na mzee au mtoto mchanga hufika huko upesi kuliko mume wako. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza maji ili asitapike unaeleweka unatoka wapi, lakini unamrudisha mgonjwa nyuma. Mtu akitapika, subirini kama dakika kumi, kisha mwanze tena polepole, kijiko baada ya kijiko. Kinywaji kinachofaa ni maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja kamili ya maji safi, isiyopungua wala kuzidi, na yakibaki baada ya saa 24 yamwagwe. Pakiti ikikosekana, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, kwa sababu chumvi ikizidi nayo ni hatari. Chai ya rangi peke yake haina chumvi hiyo, ndiyo maana haitoshi.

Mtoto asiachishwe ziwa hata siku moja. Maziwa yako ni maji, chakula na kinga kwa pamoja, na mtoto anayehara anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi. Baada ya kila choo cha maji mpe ORS kati ya mililita 50 na 100, ambayo ni kama robo hadi nusu ya kikombe kidogo cha chai, kwa kijiko. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa umri wake, na vinatakiwa viendelee kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya pili. Dawa za kufunga tumbo asipewe, na antibiotiki za kununua dukani bila kupimwa ziacheni, kwa kuwa kuhara kwa namna hii mara nyingi hakusikii antibiotiki.

Kwa baba mkwe kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Mtu aliyepata kiharusi huenda hamezi vizuri, na akinyweshwa akiwa amelala, maji yanaweza kuingia njia ya hewa. Mkalisheni wima, mpeni kidogo kidogo, na akikohoa au sauti ikibadilika kila anapomeza, acheni kumnywesha na mpelekeni, maana huyo atahitaji maji ya mshipani. Msimpime kwa kuvuta ngozi ya mkono kama tunavyofanya kwa watoto, kwa sababu ngozi ya mzee hulegea hata akiwa mzima. Tazameni zimepita saa ngapi tangu akojoe mara ya mwisho, mdomo na ulimi vimekauka kiasi gani, na kama anawajibu kama kawaida yake. Ikiwa anatumia dawa za shinikizo la damu, mhudumu aambiwe, kwani baadhi ya dawa hizo huondoa maji mwilini na huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda. Uamuzi huo ni wa mhudumu, msiufanye wenyewe nyumbani.

Sasa nije kwenye pilau. Ningependa mimi na wewe tukae chini na saa, kabla hatujakaa chini na lawama. Vyakula vilivyooza au kuingia sumu ya bakteria, kama wali uliokaa vuguvugu ndani ya sufuria kubwa kwa muda mrefu, huwatapisha walaji ndani ya saa chache, mara nyingi kati ya saa moja na sita. Ipo aina nyingine ya bakteria wa nyama na mchuzi ambao huumiza tumbo na kuharisha kati ya saa 6 na 24, lakini kutapika huwa kudogo. Ninyi mlikula mchana wa Jumamosi, na wa kwanza aliugua baada ya saa zipatazo 30. Shemeji yako alikula kiporo cha sufuria ile ile na hakupata kitu, ilhali baba mkwe, ambaye hakuonja hata punje, ameugua siku ya nne. Sumu iliyo kwenye chakula haiwezi kumruka aliyekila ikamfuata asiyekila. Inayoweza kufanya hivyo ni maradhi yanayopita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Yapo kadhaa ya namna hiyo. Linalofanana zaidi na maelezo yako ni norovirusi, ambavyo huchukua saa 12 hadi 48 tangu kuingia mwilini hadi kutapika, humlaza mtu siku moja hadi tatu, na huhitaji chembe chache mno kumwambukiza mwingine. Lakini kipindupindu nacho huanza ndani ya saa chache hadi siku tano, na kuhara damu huchukua siku moja hadi tatu au zaidi kidogo, na barua haiwezi kuvitenganisha hivi kama kipimo cha choo kinavyoweza. Kwa hiyo mtu yeyote nyumbani akitoa choo cheupe kama maji ya mchele, kingi na kwa mfululizo, au akitoa damu, au akilegea na kushindwa kunywa, hapo hakuna cha kungoja ruhusa ya mtu, iwe mchana au usiku.

Swali ambalo hukuligusa ni nini walichokula au kunywa wifi, mume wako na mtoto ambacho wewe hukugusa. Pilau iliyochemka juu ya moto hadi ikaiva ni vigumu kubeba virusi, isipokuwa mtu aitie mkono baada ya kuiva. Ninachokifikiria zaidi ni kachumbari, matunda yaliyokatwa, juisi na barafu, vitu vinavyopita mikononi na havirudi motoni. Nafikiria pia bakuli la kunawia lililozungushwa wageni kumi wakachovya humo humo, badala ya mmoja kuwamiminia kwa birika. Inatosha msaidizi mmoja wa jikoni ambaye mtoto wake alikuwa akihara nyumbani, naye hana habari kwamba amebeba kitu. Mwelezee mama mkwe jambo hili kwa upole, kwa sababu nadhani hofu yake ni kwamba mtu amewachukia. Huenda hakuna aliyewachukia.

Linalofuata ni gumu kulisema, maana linamgusa wifi yako, na nakuomba ulisome bila kumtia hatiani. Kuacha kutapika hakumaanishi kwamba ugonjwa umekwisha kutoka mwilini. Mtu aliyepona norovirusi huendelea kuvitoa chooni kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki mbili na zaidi, na siku chache za mwanzo baada ya kupata nafuu bado zina hatari kubwa. Ndiyo sababu kanuni inayotumika ni kwamba aliyeugua asipike wala asigawe chakula hadi zipite saa 48 kamili tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho. Wifi aliacha Jumatatu jioni, akarudi jikoni Jumanne asubuhi. Uji ulipikwa, na huo ukichemka hauna neno, lakini kikombe alichonyweshewa baba, kijiko cha mtoto na chapati zilizoshikwa baada ya kutoka kwenye chuma vyote vilipita mikononi mwake. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu wewe pia ulikuwa ukitoka kufua nguo zilizochafuka kisha ukanyonyesha, na mtu huweza kubeba virusi bila kuugua. Njia zote mbili zinawezekana, na zote mbili zinazibwa kwa namna moja.

Namna hiyo ni kugawa kazi. Kwa sasa mtu mmoja, ambaye ni wewe, anaosha wagonjwa na pia anakaribia chakula, na hapo ndipo maradhi yanapopata daraja. Fikirini kama mume wako, ambaye amekwisha kuugua na kupona, anaweza kuchukua kazi ya matapishi, nepi, ndoo na shuka za wagonjwa, kwa sababu yeye ana nafasi ndogo ya kuugua tena kitu hicho hicho wiki hii. Wewe ubaki na jikoni na mtoto. Najua katika nyumba nyingi za kwetu mwanaume kumwosha baba yake ni jambo la heshima, lakini kufua nepi kutazua maneno. Ikishindikana, wifi afanye usafi na asikaribie chakula, na mgawanyo huo utamwondolea pia aibu ya kuambiwa akae bure. Hasara yake ni kwamba wewe utapika peke yako ukiwa umechoka, na mtu aliyechoka ndiye anayesahau kunawa.

Kunawa nako kuwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa kutosha kusugua katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha mikono ikauke yenyewe au kwa kitambaa cha mtu mmoja. Kama hamna bomba, kibuyu chirizi cha dumu lililotobolewa kinatosha, kimoja nje ya choo na kingine mlango wa jikoni. Vitakasa mikono vya spiriti havivimudu vizuri virusi hivi, kwa hiyo visichukue nafasi ya sabuni. Kisha angalieni kitu ambacho kila mkono wa nyumba hukishika na hakuna anayekiosha, nacho ni kopo la chooni. Mpini wake, komeo la mlango na koki ya bomba vipanguswe kwa dawa asubuhi na jioni. Angalieni na pipa la maji ya kunywa. Kama watu wanachota kwa kata, basi kata ile imeshikwa na mikono yote hiyo, na ni bora maji yachemshwe, yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, na asiwepo wa kuzamisha chombo ndani.

Dawa ninayoitaja ni jiki ya kawaida. Soma chupa, na ikiwa nguvu yake ni asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha jiki na vikombe sita vya maji, mchanganyiko mpya kila siku. Matapishi yasifagiliwe wala kumwagiwa maji kwa nguvu, kwa sababu hurusha matone hewani. Yafunikwe kwanza kwa kitambaa kikuukuu au karatasi, yamwagiwe dawa, yaachwe dakika kumi, kisha yazolewe na kutupwa chooni au kwenye mfuko uliofungwa, na pale chini papigwe dawa mara ya pili. Anayefanya hivyo avae glavu, au mifuko ya plastiki mikononi ikikosekana, na madirisha yawe wazi. Jiki isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia choo, maana huweza kutoa hewa yenye sumu. Nguo zilizochafuka zisikung'utwe, ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto na sabuni, zikaushwe juani.

Kiporo kama kipo bado, kitupeni. Hakikuwaletea maradhi haya, lakini wali wa sufuria kubwa uliolala nje unaweza kuleta mengine, na kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Na mpaka nyumba itulie, kila mtu ale sahani yake. Sinia litarudi.

Kuhusu zahanati, sitakuamulia, ila nitakuwekea njia zilizopo na gharama ya kila moja. Mnaweza kukaa kimya kama mama anavyotaka. Faida yake ni amani ya wiki hii, na hasara yake ni kwamba wale wagonjwa wa upande wa pili nao wanakaa kimya kwa sababu ile ile, na kama ni kipindupindu, kila nyumba inadhani iko peke yake hadi mtu anakufa. Mnaweza kumpeleka baba mkwe na mtoto kama wagonjwa, jambo ambalo kwangu haliepukiki wakiendelea hivi, na mhudumu akiuliza mlikula wapi, mkaeleza yaliyotokea bila kumtaja mtu. Kutoka hapo taarifa itamfikia afisa afya wa kata kwa njia yake ya kawaida. Au unaweza kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haina malipo, ukauliza kabla ya kwenda popote.

Kinachomwogopesha mama, nadhani, ni picha ya afisa anayegonga mlango wa wakwe akitafuta mkosaji. Kazi yenyewe haiko hivyo. Afisa afya huuliza kila nyumba maswali yale yale: nani alikula nini, saa ngapi, nani aliugua na lini, nani hakuugua, maji yalitoka wapi. Kisha hulinganisha waliokula kitu fulani na ambao hawakukila, na huomba choo cha wagonjwa wachache kipimwe. Unaweza kumrahisishia kwa kuandika orodha ya nyumba yenu kwenye daftari leo, kila mtu na saa yake. Orodha hiyo hiyo mwonyeshe mama. Akiona jina la mumewe mbele ya maneno "hakula cha harusini", huenda ataanza kuuliza swali tofauti yeye mwenyewe, bila wewe kumbishia. Na kama bado ni mzito kwako kusema, mume wako ndiye mwana wa nyumba, na kumpeleka baba yake hospitali ni neno linalotoka vizuri zaidi kinywani mwake.

Imebaki Jumapili. Baba na mtoto walianza Jumatano, na shemeji, ambaye amelala chumba kimoja na baba, anaweza kuanza wakati wowote hadi Ijumaa au Jumamosi. Maana yake ni kwamba saa 48 za nyumba yenu huenda zisitimie kabla wageni hawajaketi, na mnaweza kuwarudishia wakwe kile kile ambacho huenda kilitoka kwao. Kuahirisha kwa wiki moja kuna aibu yake, lakini ugonjwa wa baba mkwe ni udhuru ambao hakuna mkwe wa kuukataa, tena ni wa kweli. Kama mama anaona haiwezekani kabisa, chakula kipikwe nyumba nyingine na watu ambao hawakuugua wala hawakuuguza, kiliwe huko huko, pasiwe na kachumbari wala juisi ya kukamua, na wageni wanawe kwa kumiminiwa. Njia hiyo ina hatari ndogo zaidi, lakini bado ninyi wa nyumba mtakaa na wageni na kushikana mikono.

Lolote mtakaloamua, hesabu yake inaanzia kwa mgonjwa wa mwisho, si wa kwanza. Shemeji akitapika Ijumaa usiku na kuacha Jumamosi mchana, saa 48 zake zinaishia Jumatatu mchana, na aliyepanga wageni wa Jumapili aambiwe hivyo mapema, kabla nyama haijanunuliwa.

Shangazi